Aliahidi, Akasahau: Uchambuzi wa Kisa cha Mume Mwenye Upungufu wa Umakini

Kisa hiki kinahusu wanandoa waliokaa pamoja miaka tisa, wenye watoto wawili, ambao walifika kwenye ushauri wakiwa na swali moja na majibu mawili yasiyopatana. Mke alitaka kujua kama mume wake anamjali. Mume alisema anamjali sana, ila anasahau. Maelezo yao nimeyabadilisha na kuyachanganya na ya wengine waliopita njia hiyo ili wasitambulike, lakini mwendo wa mambo nimeuacha ulivyo, kwa sababu ndani ya mwendo huo ndimo jibu lilimokuwa.

Jambo lililowafikisha pale lilikuwa hili. Mke alipangiwa kipimo hospitalini ambacho hufanywa kwa dawa ya usingizi, na mgonjwa aliyepewa dawa hiyo haruhusiwi kuondoka peke yake. Mume aliahidi kuwa mapokezini saa tisa alasiri. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, naye alikuwa ofisini akitafuta kosa kwenye jedwali la hesabu, simu ikiwa imezimwa sauti ndani ya droo. Alifika saa kumi na mbili kasoro, akamkuta mke wake amekaa kwenye benchi pamoja na muuguzi ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha. Usiku wa siku hiyohiyo, dakika chache kabla ya saa nne, aliwasha televisheni kutazama mechi aliyokuwa ameisubiri wiki nzima. Mke hakugomba. Alisema tu, "Mechi hujawahi kuisahau, mume wangu," akaenda kulala kwenye chumba cha watoto.

Miezi miwili kabla ya tukio hilo, mume alikuwa amepimwa na daktari wa magonjwa ya akili na kuambiwa kwamba ana hali ya upungufu wa umakini, ile ambayo kwa kifupi huandikwa ADHD. Kwake habari hiyo ilikuwa kama kushushiwa mzigo, kwa kuwa maisha yake yote aliitwa mzembe. Kwa mke ilikuwa tishio, maana aliona mumewe amepata jina la kujifichia. Nilipowasikiliza niliona kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kwamba kazi ilikuwa kuupasua usahaulifu ule vipandevipande badala ya kuuhukumu wote kwa pamoja.

Je, hali yenyewe ipo?

Kabla ya kuuliza kama ADHD inaeleza ahadi zilizovunjika, ni lazima kuhakikisha kwamba ipo, kwa kuwa usahaulifu una vyanzo vingi. Kwa mujibu wa DSM-5, mwongozo ambao madaktari hutumia kutambua magonjwa ya akili, uliotolewa mwaka 2013, mtu wa miaka 17 na kuendelea anatakiwa awe na angalau dalili tano kati ya tisa za kukosa umakini, au tano kati ya tisa za kutotulia na kufanya mambo kwa pupa. Dalili hizo ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, ziwe zinavuruga maisha, na baadhi yake ziwe zilikuwapo kabla ya umri wa miaka 12. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo lenye faida kubwa kwa wanandoa. Mtu aliyekuwa makini mpaka miaka thelathini na mitano kisha akaanza kusahau baada ya kufiwa, baada ya kuanza kunywa kupita kiasi, au katika kipindi ambacho halali vizuri, anahitaji uchunguzi wa namna nyingine: sonona, wasiwasi uliozidi, kukatika kwa pumzi usingizini, au kasoro ya tezi ya shingoni. Vilevile mtu anayesahau nyumbani tu, ilhali kazini na kwa marafiki hapotezi neno, anatupa sababu ya kuuliza nyumbani kuna nini.

Kwa mume huyu ushahidi ulikuwa mzito. Mama yake alikuwa bado na ripoti za shule ya msingi, na karibu kila mwalimu aliandika jambo lilelile kwa maneno yake: ana akili, hamalizi kazi, hupoteza vifaa. Kazini alikwisha kupewa onyo kwa kuchelewesha taarifa. Na kuna jambo moja ambalo mke mwenyewe alilitaja bila kujua uzito wake, akilitoa kama mfano wa uzembe. Mume alipoteza fedha zake mwenyewe za safari ya kikazi, kiasi kisichokuwa kidogo, kwa sababu alishindwa kuwasilisha stakabadhi ndani ya muda uliowekwa, ingawa zilikuwa ndani ya begi lake kila siku. Nilimwomba mke arudie habari hiyo taratibu. Mtu anayesahau yale anayodaiwa na wengine huku yake yote yakienda sawa anachagua. Huyu alikuwa anajisahau hata yeye mwenyewe, na hasara ilikuwa inaangukia mfukoni mwake.

Hata hivyo utambuzi wa daktari haujibu swali la mke. Unaeleza kwa nini ahadi zinaweza kuanguka. Hauelezi kwa nini ahadi hii ya leo imeanguka.

Ahadi inafia wapi

Kutimiza ahadi kunategemea aina ya kumbukumbu ambayo wanasaikolojia huitenga na kumbukumbu ya mambo yaliyopita, yaani kumbukumbu ya jambo la kutendwa baadaye. Mtu anaweza kukusimulia harusi ya miaka kumi iliyopita pamoja na rangi za nguo, na bado akashindwa kukumbuka kwamba leo jioni anatakiwa kupitia duka la dawa. Kazi hii ya pili ina hatua zake. Kwanza nia iingie akilini na ikae. Kisha ijitokeze yenyewe wakati unaotakiwa, ilhali akili imezama katika jambo jingine. Kisha mtu aache anachofanya na kuianza. Mwisho aifanye mpaka ikamilike bila kuvutwa pembeni. Ahadi inaweza kufia kwenye hatua yoyote, na kila kifo kina maana yake.

Kuna tofauti nyingine inayohusika moja kwa moja na kisa hiki. Baadhi ya nia hufungwa kwenye tukio: ukimwona fulani, mpe barua hii. Nyingine hufungwa kwenye saa: ifikapo saa tisa, uwe pale. Ya kwanza ina kitu cha nje kinachoiita, kwa maana sura ya fulani yenyewe ndiyo ukumbusho. Ya pili haina kinachoiita isipokuwa mtu mwenyewe awe anachungulia muda mara kwa mara huku akiendelea na kazi, na kuchungulia huko ndiko kunakowashinda watu wenye upungufu wa umakini. Muda kwao hauonekani ukipita. Mume alipoulizwa alidhani ni saa ngapi alipotazama simu siku ile ya hospitali, alisema alidhani ni saa nane na nusu. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo.

Sasa turudi kwenye mechi, kwa sababu hiyo ndiyo hoja ambayo karibu kila mwenzi huitoa, na kwa haki kabisa inauma: mbona anayoyapenda hayasahau? Hoja hii ina nguvu masikioni kuliko ilivyo katika ushahidi. Tuliipitia siku yote ya mechi. Kundi la marafiki zake lilianza kutumiana ujumbe tangu asubuhi, simu ikatoa taarifa ya timu saa moja kabla, mwenzake kazini akamtania wakiagana, na mtoto wake wa kwanza akauliza kama ataruhusiwa kukesha. Mechi ile ilikuwa na waita wengi na malipo ya papo hapo, na akili yenye upungufu wa umakini hushikwa na kitu chenye msisimko bila mtu kutia jitihada. Ahadi ya hospitali ilikuwa na saa tupu, ikaangukia katikati ya kazi iliyomvuta. Kwa hiyo ulinganisho wa mechi na hospitali unapima idadi ya vikumbusho na kiwango cha msisimko. Haupimi upendo. Nakiri kwamba kwa mtu aliyeachwa kwenye benchi akiwa bado na kizunguzungu cha dawa, maelezo haya husikika kama utetezi wa wakili, na sikumtaka mke ayakubali siku hiyo.

Badala yake niliwaomba waandike. Kwa wiki nne, kila ahadi iliyotoka kinywani mwa mume iliingizwa kwenye daftari siku ileile: ilisemwa lini, wote wawili walikuwa wakifanya nini, ilitakiwa kutimizwa lini, na nini kilitokea. Sharti lilikuwa kwamba mke asiweke mitego. Kabla ya hapo alikuwa na mazoea ya kunyamaza makusudi ili aone kama mume atakumbuka mwenyewe, na hili lafaa kusemwa wazi: jaribio kama hilo linapima kiungo kilekile ambacho tayari tunajua ni kibovu, hivyo matokeo yake yanajulikana kabla halijaanza, na kila mara linaacha jeraha jipya.

Daftari lilipofungwa lilikuwa na ahadi 19. Nane zilitimizwa, 11 hazikutimizwa. Mke alitarajia niziseme zote 11 kuwa ugonjwa, mume akatarajia vivyo hivyo. Hazikuwa hivyo.

Nne kati yake hazikuwahi kuingia akilini. Zilisemwa mume akiwa mlangoni anavaa viatu, au akiwa anasoma ujumbe kwenye simu, au mke akiwa chumba kingine na maji yakichuruzika. Mume alijibu "sawa, mke wangu" kila mara. Mke alieleza vizuri zaidi kuliko ningeweza: "Hiyo sawa naijua, inakufa hapo hapo mdomoni." Hapa kuna jambo gumu. Kwa upande mmoja, mtu ambaye umakini wake uko mahali pengine hakupokea kitu, na kumwambia baadaye "nilikwambia" ni kweli lakini haisaidii. Kwa upande mwingine, yule aliyejibu "sawa" alijua kwamba hakusikia vizuri, na alijibu hivyo ili mazungumzo yaishe. Kukosa kusikia ni hali. Kujifanya umesikia ni tabia, na tabia hiyo inaweza kuachwa na mtu yeyote mwenye ADHD akiamua, kwa kusema tu, "Ngoja nimalize hapa, kisha uniambie."

Nne nyingine ziliingia vizuri. Mume aliweza kuzirudia neno kwa neno alipoulizwa jioni, lakini hazikujitokeza kwa wakati wake, na zote nne zilikuwa za saa, hakuna hata moja iliyokuwa ya tukio. Kundi hili ndilo alama ya wazi ya hali yenyewe, na ya hospitali ingekaa humu. Moja zaidi ilijitokeza wakati ambao hakuweza kuitenda: kengele ya simu ililia akiwa anaendesha gari, akaizima, na pamoja na sauti yake ahadi nayo ikatoweka.

Zikabaki mbili.

Mbili ambazo hakuzisahau

Ndugu wa mume, mdogo wake, alikuwa ameazima fedha kwa wanandoa hawa na muda wa kuzirudisha ulikuwa umepita. Mke aliomba mume azungumze naye. Mume aliahidi, na baada ya siku kadhaa mke alipouliza, alijibu kwamba amesahau. Aliahidi tena, akasahau tena. Kwenye daftari zilihesabiwa kama ahadi mbili.

Nilimuuliza mume swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko mengine yote katika visa vya namna hii. Sikumuuliza kwa nini alisahau, bali lini ilimjia. Kwa zile nne za saa, alijibu bila kusita: ilimjia usiku akipiga mswaki, au mke alipomwuliza, au haikumjia kabisa. Kwa hizi mbili alinyamaza kidogo. Kisha akasema ilimjia alipomwona mdogo wake akishuka kwenye gari, ilimjia tena walipokuwa wakinywa chai, na ilimjia mara ya tatu wakati mdogo wake akilalamikia ada za shule. Hii ilikuwa nia ya tukio, yenye mwita aliyeketi mbele yake kwa saa mbili, naye aliikumbuka mara tatu. Aliikumbuka na akaiacha.

Je, hii ni kutojali? Hapa nilitofautiana na mke kidogo, na nilitofautiana na mume zaidi. Watu wenye ADHD mara nyingi huepuka mambo yanayochoma moyo kwa nguvu kuliko wengine, na anayezoea kulaumiwa tangu utotoni huwa mwepesi wa kukwepa lawama mpya. Kwa hiyo kukwepa kwake kulikuwa na mizizi iliyogusana na hali yake. Lakini mtu anayeogopa kumdai ndugu yake hana haja ya ADHD ili aogope, na mwenye ADHD anaweza kusema, "Mke wangu, nimeshindwa kumwambia, nimeona aibu." Alichokifanya ni kulichukua neno "nimesahau", ambalo mke wake alikuwa akijifunza kwa taabu kulisamehe, na kulifunika juu ya jambo ambalo halikusahauliwa. Kwangu hilo ndilo lilikuwa kosa zito kuliko yote 11, zito hata kuliko la hospitali, kwa sababu linaharibu kipimo chenyewe. Mke akishajua kwamba "nimesahau" wakati mwingine maana yake ni "sikutaka", hawezi tena kuziamini zile nyingine tisa ambazo zilikuwa za kweli.

Mume aliumia kusikia hivyo. Alisema hakuwa amedanganya kwa makusudi, bali neno lile lilikuwa karibu na ulimi. Nilimwamini, na bado haikubadili kitu.

Baada ya kusahau

Kuna sehemu ya pili ya ushahidi ambayo haimo katika kusahau kwenyewe, nayo ni saa zinazofuata. Hali ya upungufu wa umakini inaweza kumfanya mtu asifike hospitalini. Haimlazimishi, akishafika, aanze kueleza habari za jedwali la hesabu kabla ya kuuliza "unajisikiaje?" Haimzuii kuomba radhi kwa muuguzi. Haimzuii kusema mwenyewe, kesho yake, bila kuulizwa, kwamba jambo lile haliwezi kurudiwa na kwamba amefikiria la kufanya. Mume huyu, kwa bahati mbaya, alijitetea kwanza. Mke alikumbuka maneno yake ya kwanza pale mapokezini: "Unajua nina tatizo hili." Nadhani kama angeanza na mengine, wasingefika kwangu, au wangefika kwa upole zaidi.

Vilevile kulikuwa na suala la kalenda. Kwa miaka miwili mke alikuwa akimwomba atumie kalenda ya simu, naye akikataa kwa kusema "nitakumbuka". Kabla ya kupimwa, kukataa huko kunaeleweka, kwa sababu hakujua kwamba kukumbuka kwake kuna kasoro, na kila mtu huamini akili yake. Lakini baada ya kujua, hali inabadilika. Asiyeona vizuri hana kosa kwa kutoona, ila akishapewa miwani akaiacha mezani kisha akakukanyaga, mazungumzo yanakuwa mengine. Miezi miwili baada ya utambuzi, mume alikuwa na dawa, alikuwa na maelezo, na kalenda ilikuwa bado tupu. Hapo mke alikuwa na haki kamili ya kusoma kutojali, hata kama ndani ya mume kilichokuwapo ni aibu ya mtu mzima kuandikiwa kila kitu kama mtoto.

Na aibu hiyo ilikuwa na msingi wake nyumbani. Kwa kuwa ahadi zilikuwa hazijiiti zenyewe, mke alikuwa amegeuka kuwa mwita wa kila kitu. Alikumbusha asubuhi, akapiga simu mchana, akauliza jioni. Mume akawa anatii kama mwana na kuchukia kama mwana. Mke akawa amechoka kama mzazi wa watoto watatu. Mpangilio huo unaonekana kufanya kazi kwa muda, lakini unamwondolea mume sababu ya kujenga kikumbusho chake, na unamfanya kila anachokitimiza kihesabike kuwa ushindi wa mke.

Tulichokibadilisha hakikuwa kingi. Kwanza, ahadi haikuhesabika kuwa ahadi mpaka mume awe ameiandika mwenyewe kwenye kalenda wakati uleule, mke akiona. Kama hawezi kuandika, aseme hawezi kupokea kwa sasa. Kanuni hii peke yake iliziondoa zile ahadi za mlangoni, na ilimpa mume haki ambayo hakuwahi kuitumia, ya kusema "hili siahidi". Watu wenye pupa huahidi kwa moyo wote, kwa kuwa nia yao ya dakika ile ni ya kweli kabisa, na ukweli huo wa nia humpumbaza mwahidi kuliko unavyompumbaza mwahidiwa.

Pili, kila ahadi ya saa ilibadilishwa kuwa ahadi ya tukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 jinsi nia inavyopata nguvu ikiwekwa kwa mfumo wa "likitokea hili, nitafanya lile", kwa sababu tukio hubeba kazi ya kukumbusha. Kwa hiyo "nitakupigia saa nane" ikawa "nikifunga chombo cha chakula cha mchana, kabla sijainuka kwenye kiti, nitakupigia". Pale ambapo saa haikwepeki, kengele iliwekwa kwenye dakika ya kuondoka, si dakika ya kufika, na wakakubaliana kwamba kengele haizimwi mpaka mwili uwe umesimama. Kama hawezi kusimama, huisogeza mbele dakika kumi, lakini haizimi. Simu ilitoka kwenye droo.

Tatu, tulitazama saa za dawa. Mume alikuwa akitumia methilfenideti ya muda mfupi, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kwa takriban saa tatu hadi nne, naye alikuwa akiimeza anapofika kazini na tena kabla ya mchana. Maana yake ni kwamba mwajiri alikuwa akipata umakini wake wote, na nyumba, ambako karibu ahadi zote kwa mke na watoto zilitakiwa kutimizwa jioni, ikapata kilichobaki. Hili halikuwa kosa la mtu, lakini hakuna aliyekuwa ameliona. Mume alirudi kwa daktari wake kulizungumza, na daktari akabadilisha aina ya dawa kwa kuzingatia usingizi wake. Ni jambo la daktari kuamua, kwani dozi ya jioni inaweza kumkosesha mtu usingizi, na usingizi ukiharibika usahaulifu huongezeka. Na hata inapofanya kazi vizuri, dawa humsaidia mtu kubaki kwenye jambo lililo mbele yake. Jambo ambalo halijaandikwa popote haliwezi kuletwa mbele na kidonge.

Walipoandika daftari kwa mara ya pili baada ya miezi mitatu, ahadi za saa zilizoanguka zilikuwa zimepungua sana, na zile za mlangoni zilikuwa hazipo. Yasiyotazamiwa yaliendelea kumshinda: kikao kikisogezwa ghafla, mtoto akiugua, mpangilio wote wa siku unabomoka na ahadi mbili tatu zinakwenda nao. Sidhani hilo litaisha. Kwa sababu hiyo walikubaliana kwamba mambo ambayo kosa moja lina madhara yasiyorekebishika, kama dozi za dawa za mtoto au mtu wa kumtoa mgonjwa hospitalini, hayatategemea kumbukumbu ya mume peke yake, hata akiwa na mwezi mzima wa kutokosea. Dada wa mke anawekwa kama mtu wa pili, na mume ndiye anayempigia kumwomba.

Kwa upande wa kutojali, kipimo kilikuwa chepesi zaidi kuliko mke alivyotarajia, kwa kuwa hakikuhusu kumbukumbu. Tuliangalia kama mume anasema alipokosea kabla hajaulizwa, kama yeye ndiye anayebeba gharama ya kosa, na kama kikumbusho kilichoshindwa kinabadilishwa siku ileile badala ya kuombewa radhi tu. Katika miezi ile alifanya hivyo mara nyingi, si zote. Kama kalenda ingebaki tupu, kama kila kosa lingejibiwa kwa jina la hali yake, na kama makosa yangekuwa yanaangukia upande wa mke peke yake huku ya kwake yakipona, ningemwambia mke waziwazi kwamba anachokiona kina jina jingine.

Ile habari ya deni la mdogo wake haikupata kengele wala kalenda, kwa sababu haikuhitaji. Mume alikaa nayo wiki mbili, kisha akamwambia mke wake kwamba hataki kumdai ndugu yake, na kwamba kama ni lazima zirudi, atazirudisha yeye kutoka kwenye mshahara wake. Mke alikasirika vibaya. Walibishana kwa siku kadhaa kuhusu fedha, ndugu na mipaka ya familia, ubishi wa kawaida kabisa wa wanandoa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuna aliyelitaja neno kusahau.